Manyoya Kwenye Usukani, Upepo Hakuna

Mh! Jamani! Hapa Arusha mtu akinunua gari la kwanza, anayepagawa siyo yeye, ni marafiki zake. Mwenye gari bado ana deni la SACCOS shingoni, usiku halali, anachungulia dirishani kama gari lipo. Marafiki wao wameshafungua kundi la michango, wameshachagua baa ya kupongezana huko Njiro, na mbuzi ameshatajwa. Halafu zinakuja zawadi. Loo! Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni, na Firauni mwenyewe siku hizi anauza mapambo ya magari.

Kuna mwalimu mmoja wa Moshono, kijana mpole, kila mtu hapa kijiweni anamfahamu ingawa jina lake nitalihifadhi, maana heshima ya mwalimu tuiachie. Mwaka jana alipata Toyota IST yake, imeshuka bandarini Dar, imepanda mpaka huku na vumbi la njiani. Unajua hizi gari zinavyokuja. Ukiwasha, mwanamke wa Kijapani anakusalimia kwa sauti nzuri na hujui anakuonya au anakutongoza. Redio yake inaishia 90, kwa hiyo stesheni nyingi za kwetu huzipati mpaka fundi akuwekee kifaa cha kuongeza masafa. Mwalimu alikuwa anamjibu yule mama kila asubuhi, "Ahsante, na wewe pia."

Basi siku ya pongezi, zawadi zikapangwa juu ya boneti, watu wakapiga picha. Kava la usukani la manyoya mekundu. Mazulia ya manyoya yanayoshabihiana nalo. Manukato chupa kadhaa, kila mmoja alileta yake bila kushauriana, gari likawa linanuka kama saluni siku ya Ijumaa. Vibati viwili vya kung'aa vya kuchomeka kwenye kifungio cha mkanda ili kengele isipige kelele. Na shemeji yake, mtu wa vitu vizito, akaleta boksi la spika la besi, akalifungia kwenye buti kwa skrubu, akalijaribu hapo hapo. Madirisha ya baa yalitetemeka. Watu wakasema sasa gari limekamilika.

Aka! Limekamilika wapi?

Mimi nina ugomvi wa siku nyingi na haya manyoya, na leo nitausema wote. Kava la usukani linatakiwa libane usukani kama ngozi yake. Usukani wa gari dogo una upana wa karibu sentimita 37 au 38, lakini kava linalouzwa barabarani limeshonwa kumfaa kila mtu, yaani halimfai yeyote. Unapokata kona ya kushuka kutoka Ilboru, mkono unazunguka pamoja na manyoya, usukani wenyewe umebaki pale pale unakutazama. Jaribio lake halihitaji fundi. Gari likiwa limesimama, shika kava kwa mikono miwili ulisokote kwa nguvu. Likiteleza hata kidogo, livue ukamvalishe paka.

Zulia nalo! Magari mengi ya Kijapani yanakuja na zulia la dereva, na chini yake kuna kulabu ndogo sakafuni ya kulizuia lisitembee. Watu wetu wanafanya nini? Wanaacha zulia la zamani, wanatandika la manyoya juu yake, kulabu haifanyi tena kazi, zulia linasogea mbele taratibu mpaka linaingia chini ya pedali ya breki au linaikumbatia ya mafuta. Halafu mtu anasema gari "limeshika kasi lenyewe", lilikataa kusimama, kuna mkono wa mtu kijijini. Mkono gani? Ni zulia! Zima injini, kanyaga mafuta mpaka mwisho, achia. Pedali ikirudi juu bila kugusa kitu, sawa. Ikisitasita, au ikirudi na manyoya, umeshampata mchawi wako.

Na vile vibati vya mkanda, Mungu atusamehe. Mhandisi huko Japani ameumiza kichwa, ameweka kengele ikukumbushe kujifunga. Sisi tunanunua kibati cha kumdanganya mhandisi, tunakifunga kwenye karatasi ya zawadi tunaandika "Mungu akulinde". Mungu akulinde na nini, na wewe umeshamletea mtego? Mfuko wa hewa uliomo kwenye usukani umepimwa kwa mtu aliyefungwa mkanda. Unafumuka kwa kasi ya ajabu, kabla hujapepesa jicho, na mkanda ndio unaokushikilia ili ukutane nao ukiwa umeshajaa. Asiyefunga mkanda anarushwa mbele na kuupokea uso kwa uso ukiwa bado unafumuka. Hiyo ni zawadi au ni kisasi?

Lakini ngoja niwapeleke kwenye kisa chenyewe, maana kahawa inapoa.

Mwezi wa Desemba mwalimu akapakia familia, safari ya Moshi, kipaimara cha mpwa wake. Kutoka Sakina mpaka Tengeru mnajua barabara ilivyo, njia nne, mtu anajiona yuko Ulaya, besi inagonga. Baada ya Tengeru barabara inarudi kuwa mbili, malori yanakuja mbele na mabasi yanakusukuma nyuma. Wakapita Usa River, wakapita Maji ya Chai, giza linaanza kuingia. Kabla ya Kikatiti, pu! Tairi la nyuma kushoto.

Mwalimu akatulia, akaegesha pembeni, nampa sifa hapo. Akawasha taa za tahadhari. Sasa pembetatu. Pembetatu haipo! Zawadi zote zile, manukato ya kutosha kuosha maiti, pembetatu hakuna. Akafanya ambacho sote tumekiona tangu tumezaliwa, akakata matawi akayatandaza kwenye lami. Jamani, matawi ya kijani gizani yanamwambia nini dereva wa lori anayeshuka na tani zake? Anayaona yakiwa tayari chini ya tairi. Na ukiondoka, unayaacha hapo hapo pamoja na jiwe ulilozuilia gurudumu, jiwe linamngoja mwenzio wa bodaboda. Ah!

Pembetatu ya kuakisi mwanga inarudisha taa za lori kwa dereva mwenyewe kutoka mbali, akiwa bado ana nafasi ya kupunguza mwendo. Sheria yetu inataka uwe nayo, na trafiki anaiulizia, lakini wengi wanayo ya kumwonyesha trafiki tu, bado iko ndani ya nailoni yake. Kwenye barabara ya njia mbili unataka mbili, moja nyuma na moja mbele, maana lori linaweza kutoka kokote. Usiiweke kwenye bampa kama pambo. Tembea nayo hatua hamsini au zaidi, ukiwa umeishika mbele ya kifua chako ikitazama magari yanayokuja, ili hata ukiwa njiani ikuonyeshe wewe. Kama umeharibikiwa baada ya kona au baada ya kilima, iweke kabla ya kona, kabla ya kilima, siyo mahali ambapo mtu akiiona ameshakugonga. Na ukiongeza kizibao cha kung'aa kama cha bodaboda, kinachokaa chini ya kiti na siyo kwenye buti, utakuwa umempa mwenzio zawadi inayozidi mbuzi wa Njiro.

Tuendelee. Mwalimu akafungua buti achukue tairi la spea. Spea ya IST inakaa chini, kwenye shimo lake, chini ya ubao wa sakafu ya buti. Juu ya ubao kuna nini? Boksi la shemeji, limefungwa skrubu! Ndugu zangu, mtu anapigia simu Arusha kumuuliza shemeji alitumia bisibisi ya aina gani. Watoto wanalia, mke amekaa juu ya jiwe na gauni la kipaimara, anatazama milima. Meru yenyewe imejifunika wingu, haitaki kuona.

Akatokea msamaria mwenye bisibisi, skrubu zikatoka. Spea ikaonekana, lile tairi dogo jembamba ambalo watu hudhani ni la baiskeli. Nati nne za gurudumu zikaanza kufunguliwa, tatu zikalegea, ya nne ikagoma. Ya nne ina umbo lake la ajabu, nati ya kuzuia wezi, na ina ufunguo wake maalum mdogo kama kikombe cha dawa. Ufunguo uko wapi? Uko Japani, au uko bandarini, au kwenye droo ya dashibodi chini ya manukato, nani ajuaye? Baada ya kupekua kila mahali wakaukuta ndani ya shimo la spea, kwenye kifuko cha jeki. Mungu bado anawapenda walimu.

Wakafunga spea, wakashusha jeki, na spea ikakaa chini yote, chapati. Haikuwa na upepo! Tangu imetoka kiwandani hakuna aliyeipima. Hizi spea nyembamba ubavuni zimeandikwa upepo wake, kwa kawaida 60 PSI, au 420 kPa, karibu mara mbili ya tairi la kawaida, na zimeandikwa pia mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa. Watu wanazijaza sawa na mengine, au hawazijazi kabisa, halafu wanakimbia nazo mpaka Dar es Salaam. Mwalimu akapanda bodaboda na tairi mapajani kurudi Maji ya Chai kutafuta kijana wa pancha. Kipaimara walikikuta kwenye picha.

Sasa, nani wa kulaumiwa? Msinitazame mimi, mimi sikualikwa hata kwenye mbuzi.

Fundi wetu wa Ngarenaro aliponiambia hadithi hii alikuwa anatazama lile tairi lililopasuka, akaniita nisome. Kwenye ubavu wa tairi tafuta herufi DOT, ufuate maandishi mpaka mwisho, utakuta tarakimu nne ndani ya kiduara kama yai. La mwalimu liliandikwa 2213. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Kwa hiyo lilizaliwa wiki ya 22 ya mwaka 2013, yaani mwishoni mwa Mei, lilikuwa limepita miaka kumi, umri ambao watengenezaji wengi wanasema tairi litolewe hata kama meno bado yapo. Na meno yalikuwepo! Ndiyo maana kila mtu alilisifia na kulipaka ile dawa ya kung'arisha. Tairi likipigwa dawa linang'aa kama kiatu cha bwana harusi, huku mpira wenyewe umekauka, una nyufa nyembamba ubavuni ambazo ukiukunja kwa vidole unaziona zikifumbua macho. Spea nayo inazeeka humo gizani, isomeni pia.

Halafu fundi akanionyesha kitu cha pili. Mabega mawili ya tairi yalikuwa yameisha kuliko katikati. Hiyo ndiyo saini ya tairi lililokuwa likitembea na upepo mdogo. Tairi lenye upepo pungufu linajikunja kila linapozunguka, linapata joto, na likiwa zee, limebeba familia na boksi la besi, kwenye lami ya mwendo mrefu, ndipo linapoachia. Likiisha katikati peke yake, basi upepo ulizidi. Tairi linasema lenyewe, ila watu wetu hawana muda wa kulisikiliza, wanasikiliza besi.

Na upepo unajazwaje mjini kwetu? Unakwenda kwa kijana wa pancha, anauliza "ngapi bosi?", unajibu "weka tu ya kutosha". Ya kutosha! Au yeye mwenyewe anaweka 35 kwa kila kinachopita, kuanzia Vitz mpaka Noah ya kubebea ndizi. Ukiulizwa ulichowekewa, hujui, maana geji yake imeanguka chini mara nyingi kuliko mlevi. Jamani, namba imeandikwa kwenye gari! Fungua mlango wa dereva, tazama kwenye nguzo ya mlango, kuna kibandiko. Maneno ni ya Kijapani, lakini tarakimu ni zile zile tulizofundishwa darasa la kwanza. Ukiona 220 kPa, igawe kwa 6.9 unapata karibu 32, hizo ndizo paundi za kijana wa pancha. Mbele na nyuma zinaweza kutofautiana, kwa hiyo soma zote.

Sasa zawadi yangu mimi ingekuwa geji ya upepo. Kidude cha mfukoni, bei yake haifikii nyama choma ya watu wawili, na hakuna anayekinunua kwa sababu hakipigi picha vizuri. Unapima asubuhi gari likiwa limelala, kabla ya kutembea zaidi ya kilomita mbili hivi, maana tairi likishapata joto upepo unapanda na geji inakupa namba ya uongo. Mnaijua baridi yetu ya Julai, ile ya kuvaa makoti mawili, basi tairi nalo linaisikia. Joto likishuka, upepo unashuka. Lililokuwa sawa Februari litakuwa pungufu Julai bila pancha yoyote, na wewe utamlaumu jirani.

Mtungi wa kuzimia moto nausema kwa haraka, maana huu watu wanao, tatizo ni wanavyoutunza. Ukienda kununua, usichukue kwa rangi. Tazama geji yake ndogo, mshale uwe kwenye kijani. Tazama pini na kifungo chake kama vipo. Mtungi wa unga ukikaa wima miaka na kutikiswa na barabara za mitaani, unga unashuka chini na kugandamana, kwa hiyo kila mwezi ugeuze juu chini, usikie unga ukitembea ndani. Na uufunge mahali pake karibu na dereva. Mwingine anauacha ulegee sakafuni, siku ya breki ya ghafla unaviringika mpaka chini ya pedali, wenyewe unakuwa ajali. Mwingine anauzika kwenye buti chini ya magunia ya vitunguu.

Na moshi ukitoka kwenye boneti, mnajua kinachofuata. Kila mpita njia anakuwa kamanda. Mmoja anafungua boneti wazi kwa mikono miwili, moto unapata hewa, unampokea kwa furaha. Mwingine anamwaga ndoo ya maji juu ya petroli inayowaka. Zima injini, toa watu, vuta kile kishikio cha ndani ili boneti iachie upenyo tu, pulizia kupitia upenyo huo ukilenga chini ya miali. Mtungi wa kilo moja unaisha ndani ya sekunde chache, kumi ukizifikisha una bahati, kwa hiyo usianze kuufyatua ukiwa mbali unakuja unakimbia. Ukiisha na moto bado upo, rudi nyuma na piga 114, Zimamoto. Gari si mtoto.

Mzee mmoja hapa benchini ameniuliza, sasa kama sina hela hata ya geji, nimpe nini mwenzangu? Nikamwambia mpe Jumamosi asubuhi moja. Mchukue kwenye kiwanja tambarare, mwambie atoe spea mwenyewe, aone kama buti linafunguka mpaka chini. Apate jeki, spana na ule ufunguo wa nati. Azuie gurudumu la upande wa pili kwa kigogo. Alegeze nati gari likiwa bado limekaa chini, kwa sababu likishainuliwa gurudumu linazunguka naye anazunguka nalo. Aweke jeki pale penye alama mbili chini ya ubavu wa gari, juu ya kipande cha ubao kama ni vumbi, maana vumbi letu linameza jeki. Asiingize mguu wala kichwa chini. Akirudisha nati, azifunge kwa kukatisha, ya juu kisha ya upande wa pili, siyo kwa kuzunguka. Halafu azikaze vizuri gari likiwa chini. Atatoka jasho, atachafua shati, atakutukana kidogo. Bora akutukane Moshono saa tatu asubuhi kuliko Kikatiti saa moja usiku.

Mwalimu kashaondoa manyoya, nimemwona juzi Kilombero. Vibati vya mkanda ametupa. Boksi la besi bado lipo, maana shemeji ni shemeji, ila sasa limefungwa kwa mkanda wa kufyatua, halina skrubu hata moja.

Kwa hiyo wewe uliyealikwa Njiro wikiendi hii, najua upo, najua umeshaagiza manukato. Yarudishe dukani. Nenda na pembetatu mbili na geji, na kabla hujakata nyama ya kwanza, fungua buti umwulize mwenye gari ufunguo wa nati uko wapi. Akikujibu "nati gani?", mkamate mkono mwende mkautafute kwanza.